Uwiano wa Taarifa wa 1.36: Kisa cha Ripoti ya Mfuko Mmoja na Kigezo Chake

Kamati inayosimamia fedha za pensheni inaletewa ripoti ya mwaka na meneja wa mfuko wa hisa. Meneja huyu hafuati fahirisi ya soko. Anachagua hisa mwenyewe, na analipwa kwa ajili ya kuchagua huko. Ripoti inasema mfuko umepata asilimia 10.4, fahirisi ambayo ndiyo kigezo imepata asilimia 5.0, kosa la ufuatiliaji ni asilimia 3.97, na uwiano wa taarifa ni 1.36. Chini yake kuna sentensi moja inayosema kwamba uwiano wa juu ya 1 ni wa nadra sana. Wajumbe wanaulizwa kama wako tayari kumwongezea meneja fedha.

Kisa hiki na takwimu zake nimevitunga ili kila hatua iweze kukaguliwa kwa kalamu na karatasi. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yale yanayoingia kwenye ripoti za kweli, na moja kati yao lina tabia ambayo kila anayesoma uwiano huu anapaswa kuijua.

Tuanze na maana. Kila mwezi chukua mapato ya mfuko kwa asilimia, toa mapato ya kigezo, upate tofauti ya mwezi huo. Wastani wa tofauti hizo unaonyesha meneja amekizidi kigezo kwa kiasi gani. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizohizo, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wake, ndio kosa la ufuatiliaji. Ukigawa wastani kwa kosa la ufuatiliaji, vyote viwili vikiwa vimegeuzwa kuwa vya mwaka, unapata uwiano wa taarifa. Kwa hiyo uwiano huu unajibu swali moja: kwa kila asilimia ya hatari ya kwenda mbali na kigezo, mwenye fedha amelipwa ziada ya kiasi gani?

Neno kosa hapa lisimpotoshe mtu. Meneja anayechagua hisa hawezi kuwa na kosa la ufuatiliaji la sifuri, na hatakiwi kuwa nalo. Akikaa karibu mno na fahirisi, kamati inalipa ada ya mchaguzi na kupewa fahirisi. Tatizo si ukubwa wa namba hiyo peke yake, bali kile kilichopatikana kwa kuibeba hatari hiyo.

Hizi ndizo tofauti za miezi 12 zilizokuwa kwenye kiambatisho cha ripoti, kwa asilimia, kuanzia Januari: 1.6, 0.9, −0.7, 0.3, 2.1, 1.4, −1.2, −0.9, 0.5, −0.8, 0.4 na 1.8.

Jumla yake ni 5.4, na wastani wa mwezi ni 0.45. Ukitoa 0.45 kwenye kila tofauti, ukapandisha kila jibu kwenye kipeo cha pili na kujumlisha, unapata 14.43. Gawa kwa 11, si kwa 12, kwa kuwa wastani wenyewe umetokana na namba hizihizi. Unapata 1.312, na kipeuo chake cha pili ni 1.145. Hilo ni kosa la ufuatiliaji la mwezi. Kuligeuza kuwa la mwaka unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.464, na jibu ni 3.97. Gawa 5.4 kwa 3.97, utapata 1.36. Kwenye lahajedwali, ikiwa mapato ya mfuko yako safu ya B na ya kigezo safu ya C, kazi yote ni hii:

```
D2    =B2-C2        (nakili hadi D13)
F2    =AVERAGE(D2:D13)*12
F3    =STDEV.S(D2:D13)*SQRT(12)
F4    =F2/F3
```

Kihesabu, basi, ripoti haina kosa. Namba zote zinarudi kama zilivyoandikwa. Hapa ndipo wakaguzi wengi huishia, na ndipo kisa kinapoanza.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo dogo la kukagua. Kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 12 kunachukulia kwamba tofauti ya mwezi mmoja haielekezi tofauti ya mwezi unaofuata. Njia rahisi ya kulipima hilo ni kujumlisha miezi mitatu mitatu na kurudia hesabu. Robo nne za mwaka huu zinatoa 1.8, 3.8, −1.6 na 1.4. Mkengeuko wake ukigeuzwa kuwa wa mwaka ni 4.46, ambao kwa robo nne tu hauko mbali na 3.97. Kama hesabu ya robo mwaka ingetoa namba ndogo sana kuliko ya mwezi, ningeshuku kwamba mfuko unathaminiwa kwa bei za saa tofauti na zile za fahirisi, kwa sababu pengo la namna hiyo hutokea mwisho wa mwezi mmoja na kujifuta mwezi unaofuata. Na kama ingetoa namba kubwa mno, ningeangalia kama mfuko una hisa zisizouzwa mara kwa mara, ambazo bei zake huchelewa kusogea. Hapa hakuna dalili kali ya lolote kati ya hayo.

Sasa tuangalie fahirisi yenyewe. Karibu kila fahirisi kubwa ya hisa huchapishwa kwa sura zaidi ya moja. Sura ya kwanza hupima bei tu: hisa ikilipa gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kadiri ya gawio hilo, na fahirisi hushuka nayo bila kufidiwa. Sura ya pili ni ya mapato yote, ambayo huchukulia kwamba gawio limerudishwa kununua hisa zilezile. Zipo pia zinazotoa kodi ya zuio kwenye gawio kabla ya kulirudisha. Mfuko wa meneja wetu hupokea gawio, na gawio hilo linahesabiwa ndani ya asilimia zake 10.4. Lakini asilimia 5.0 za kigezo zimetoka kwenye fahirisi ya bei tu. Kwenye soko hili la mfano, gawio la mwaka lilikuwa asilimia 3.0. Mtu aliyenunua fahirisi nzima na kulala usingizi angepata karibu asilimia 8.0.

Kosa la pili ni la namna hiyohiyo. Asilimia 10.4 ni mapato kabla ya ada ya usimamizi, ambayo kwenye mkataba huu ni asilimia 1.2 kwa mwaka. Kuonyesha mapato kabla ya ada si udanganyifu. Ni njia inayokubalika ya kupima uwezo wa meneja akiwa peke yake. Ila kamati haiwalipi wastaafu kwa mapato kabla ya ada. Kwa mwenye fedha, namba ya kweli ni 9.2.

Tukirekebisha yote mawili, ziada ya 5.4 inapungua kwa 3.0 ya gawio na 1.2 ya ada, inabaki 1.2. Mtu angetarajia kwamba kosa la ufuatiliaji nalo litabadilika. Halibadiliki. Gawio la asilimia 3.0 likigawanywa sawasawa ni 0.25 kwa mwezi, na ada ni 0.10. Tunapunguza 0.35 ileile kwenye kila mwezi. Wastani unashuka kutoka 0.45 hadi 0.10, lakini umbali wa kila mwezi kutoka kwenye wastani wake unabaki palepale: Januari ilikuwa 1.15 juu ya wastani, na bado iko 1.15 juu ya wastani. Kosa la ufuatiliaji ni 3.97 kabla na 3.97 baada. Uwiano wa taarifa unaporomoka kutoka 1.36 hadi 0.30.

Hii ndiyo tabia niliyoitaja. Kitu chochote kinachoongeza au kupunguza kiasi kilekile kila mwezi huingia chote kwenye sehemu ya juu ya mgawanyo, na hakiingii kabisa kwenye sehemu ya chini. Uwiano wa taarifa hauwezi kukitofautisha na ustadi. Kwa kweli hukisifu kuliko ustadi wenyewe, kwa sababu ustadi wa kuchagua hisa huja na miezi mizuri na mibaya, ilhali kosa la kigezo huja kila mwezi bila kutetereka. Meneja ambaye angefuata fahirisi hiihii kikamilifu, asichague hata hisa moja, kisha akajipima kwa sura yake ya bei tu, angekuwa na ziada ya asilimia 3.0 na kosa la ufuatiliaji dogo kabisa. Uwiano wake ungekuwa mkubwa kuliko wa mchaguzi yeyote wa kweli.

Ukweli huo unafanya kazi upande wa pili pia. Mfuko unaoshindwa na kigezo kwa asilimia 0.1 kila mwezi, bila kukosa, una kosa la ufuatiliaji la sifuri. Ndiyo maana wako wanaokokotoa kosa la ufuatiliaji kwa namna nyingine: hawatoi wastani, wanapandisha tofauti zenyewe kwenye kipeo cha pili, wanatafuta wastani wa vipeo hivyo na kuchukua kipeuo chake. Kwa namba za ripoti, njia hiyo inatoa 4.11 badala ya 3.97. Njia zote mbili zinatumika, na hapa hazipishani sana. Lakini mkataba usiposema ni ipi, meneja na kamati wanaweza kubishana juu ya ukomo wa hatari wakiwa wote wamekokotoa sawasawa.

Tahadhari moja juu ya marekebisho niliyofanya: gawio haliji sawasawa kila mwezi. Kampuni nyingi hulipa katika vipindi fulani vya mwaka, kwa hiyo kwenye data halisi kosa la ufuatiliaji lingesogea kidogo pia. Usitoe 0.25 kila mwezi kama nilivyofanya hapa. Tafuta mfululizo wa kila mwezi wa fahirisi ya mapato yote na uanze hesabu upya. Kuhusu kigezo cha haki, mimi ningeenda hatua moja zaidi. Hakuna anayeweza kununua fahirisi bure, na mfuko unaoifuata nao una ada yake, japo ndogo. Ukilinganisha meneja na mfuko huo badala ya fahirisi tupu, utamrudishia sehemu ndogo ya asilimia. Ni haki yake.

Namba 0.30 si mbaya. Richard Grinold na Ronald Kahn, waliolichambua suala hili kwa kina, walikadiria kwamba uwiano wa 0.5 ni mzuri, 0.75 ni mzuri sana, na 1.0 ni wa kipekee. Vipimo vyao vilihusu mapato kabla ya ada, jambo ambalo wanaowanukuu husahau mara nyingi. Kwa kipimo hicho, meneja wetu ana 2.4 kabla ya ada dhidi ya fahirisi ya mapato yote, ambayo ni uwiano wa 0.60. Bado angeweza kusimama mbele ya kamati akasema ni mzuri. Kwa hiyo swali linalofuata ni hili: ile ziada imetoka wapi?

Ukiweka mapato ya kigezo kwenye mhimili mlalo na mapato ya mfuko kwenye mhimili wima, kisha ukapitisha mstari katikati ya nukta, mteremko wa mstari huo ni beta. Kabla ya kufanya hivyo toa kwenye mapato yote mawili riba isiyo na hatari, yaani ile inayolipwa na dhamana za serikali za muda mfupi. Kwenye kisa hiki riba hiyo ni asilimia 2 kwa mwaka, na beta iliyopatikana ni 1.15. Maana yake, soko likipanda kwa asilimia 1 juu ya riba hiyo, mfuko hupanda kwa 1.15, na likishuka hushuka kwa kiasi hicho pia. Meneja hakuhitaji kukopa ili kufika hapo. Inatosha kushika zaidi hisa za kampuni zenye madeni makubwa au zinazoyumba na hali ya uchumi.

Mwaka huu soko lilipanda. Fahirisi ya mapato yote ilitoa asilimia 8, ambazo ni 6 juu ya riba. Beta ya ziada ya 0.15 ikizidishwa kwa 6 inatoa 0.9. Katika ziada ya 1.2 iliyobaki baada ya ada, basi, 0.9 imetokana na kubeba soko zaidi katika mwaka ambao soko lilipanda, na 0.3 tu ndiyo inayoweza kuhusishwa na uchaguzi wa hisa. Kamati hii ina hatifungani pia. Ingeweza kuupata mwelekeo uleule kwa kuhamisha sehemu ndogo ya fedha kutoka hatifungani kwenda kwenye hisa, bila kumlipa mtu asilimia 1.2.

Beta inaingia kwenye kosa la ufuatiliaji pia, na hapa hesabu inapendeza. Kosa la ufuatiliaji likipandishwa kwenye kipeo cha pili hugawanyika sehemu mbili: ile inayotokana na beta kuwa tofauti na 1, na ile ya masalio, yaani umbali wa nukta kutoka kwenye mstari.

```
TE^2 = (beta - 1)^2 * sigma_k^2 + sigma_m^2
```

Hapa `TE` ni kosa la ufuatiliaji, `sigma_k` ni mkengeuko sanifu wa kigezo, tuseme asilimia 15 kwa mwaka, na `sigma_m` ni wa masalio. Upande wa kushoto, 3.97 kwenye kipeo cha pili ni takriban 15.7. Sehemu ya beta ni 0.15 mara 15, yaani 2.25, ambayo kwenye kipeo cha pili ni takriban 5.1. Masalio yanabaki na 10.7, na kipeuo chake ni takriban 3.27. Thuluthi moja ya hatari ambayo ripoti iliionyesha kama hatari ya kuchagua hisa haikuwa ya kuchagua hisa hata kidogo. Ukigawa 0.3 kwa 3.27 unapata 0.09. Uwiano huu wa masalio una asili yake kwa Jack Treynor na Fischer Black, mwaka 1973, na wako wanaoupa jina hilohilo la uwiano wa taarifa. Kwa hiyo ripoti mbili zinaweza kutumia jina moja, moja ikiandika 0.30 na nyingine 0.09, na zote zikawa sahihi.

Sidhani kwamba meneja alificha kitu. Mkataba unaompima kwa ziada juu ya kigezo na kosa la ufuatiliaji pekee unamsukuma kuelekea huko hata bila nia mbaya. Richard Roll alionyesha mwaka 1992 kwamba mtu anayetafuta ziada fulani kwa kosa la ufuatiliaji dogo iwezekanavyo anaweza kuishia na mkusanyiko wa hisa wenye beta juu ya 1 na hatari ya jumla kubwa kuliko ya kigezo. Anachoambiwa akipunguze ni umbali kutoka kwenye kigezo. Hakuna aliyemwambia aangalie hatari nzima ya fedha.

Beta ya 1.15 yenyewe imetoka kwenye nukta 12. Kosa sanifu la makadirio yake ni karibu 0.07, kwa hiyo thamani halisi inaweza kuwa karibu na 1.0 au karibu na 1.3. Hapo tunafika kwenye udhaifu ambao hakuna marekebisho ya kigezo yanayoweza kuuondoa: muda.

Uhusiano wake ni mwepesi kuukumbuka. Kipimo cha kitakwimu kinachouliza kama wastani wa tofauti unatofautiana na sifuri ni sawa na uwiano wa taarifa wa mwaka ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa kawaida tunataka jibu lifike takriban 2 kabla ya kusema kwamba bahati peke yake haielekei kueleza matokeo. Kwa mwaka mmoja, kipeuo cha 1 ni 1, kwa hiyo hata ile 1.36 ya ripoti, kabla hatujaigusa, isingefika 2. Ripoti ilikuwa haijathibitisha ustadi hata kama kila namba yake ingekuwa safi.

Kwa uwiano wa 0.30, miaka inayohitajika ni 2 gawanya kwa 0.30, kwenye kipeo cha pili: karibu miaka 44. Kwa 0.5, ambao ni mzuri, ni miaka 16. Ni wachache mameneja wanaokaa kwenye mfuko mmoja kwa miaka 16, na mikataba mingi hupitiwa kila miaka mitatu. Anayetumaini kwamba uwiano wa taarifa wa miaka mitatu utamtenganishia meneja hodari na mwenye bahati anaudai kipimo hiki kitu ambacho hakina. Kinachowezekana ni kuutumia pamoja na ushahidi mwingine: hisa alizozishika, sababu alizoziandika kabla ya kununua, na kama ziada imetoka kwenye maamuzi mengi madogo au kwenye hisa mbili zilizopanda.

Kosa la ufuatiliaji nalo ni kadirio, ingawa linatulia haraka kuliko wastani. Mkataba uliweka ukomo wa asilimia 4, na ripoti ilionyesha 3.97 kwa fahari fulani. Kwa miezi 12, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 kuzunguka 3.97 inaanzia takriban 2.8 hadi 6.7, ikichukuliwa kwamba tofauti zinafuata mgawanyo wa kawaida. Meneja huenda yuko ndani ya ukomo kwa mbali, au ameuvuka kwa mbali. Isitoshe, 3.97 ni ya yaliyopita. Ukomo wa mkataba, kwa kawaida, hukaguliwa kwa kosa la ufuatiliaji linalotabiriwa kutokana na hisa zilizo mkononi leo, na hizo mbili hutofautiana sana meneja anapokuwa amebadilisha mkusanyiko katikati ya mwaka au soko linapoanza kuyumba kuliko data iliyotumika kutabiri.

Mjumbe mmoja wa kamati anapendekeza njia ya mkato: wana mameneja watatu, basi wapangwe kwa uwiano wa taarifa na wa mwisho aondolewe. Mpango huo unaharibika mara tu mameneja wanaposhindwa na kigezo. Chukua wawili walioshindwa kwa asilimia 2 kila mmoja. Wa kwanza ana kosa la ufuatiliaji la 2, uwiano wake ni −1. Wa pili ana 8, uwiano wake ni −0.25. Kwenye orodha wa pili anakaa juu, ilhali amepoteza kiasi kilekile kwa kubeba hatari mara nne. Uwiano ukiwa chini ya sifuri, uweke kando na uzisome ziada na hatari kila moja peke yake.

Kamati haikumwongezea meneja fedha, na haikumwondoa. Hakuna namba iliyoruhusu lolote kati ya hayo mawili. Ilimwomba mfululizo wa mapato ya kila mwezi tangu mfuko uanze, kabla na baada ya ada, pamoja na orodha ya hisa za mwisho wa kila robo mwaka. Kisha ikafungua upya kifungu cha bonasi. Kifungu hicho kilimpa meneja asilimia 10 ya ziada yote juu ya kigezo, na kigezo kilichoandikwa kilikuwa jina la fahirisi tu, bila kutaja sura yake. Kwa usomaji wa ripoti, bonasi ya mwaka ilikuwa 0.54 kwa kila 100 zilizowekwa. Kwa fahirisi ya mapato yote na baada ya ada, ilikuwa 0.12. Kifungu kipya kinataja fahirisi kwa sura yake kamili, kinasema mapato ya mfuko ni baada ya ada, kinaeleza kosa la ufuatiliaji linakokotolewa kwa njia ipi na kwa miezi mingapi, na kinadai beta iandikwe kwenye kila ripoti kando ya uwiano wa taarifa.